Kusahihisha barua ya madai kabla haijamfikia mdaiwa: hesabu, lugha na tarehe ya mwisho

Kazi yangu ni kuchapa na kusahihisha barua hapa Mombasa, na barua za madai ndizo zinanipa kazi kubwa, manake mtu huja nayo akiwa bado ana hasira. Hii nitakayotumia kama mfano ni ya dada mmoja wa Likoni anayepeleka samaki kwa restoranti moja Nyali. Alinipa ruhusa niielezee bila majina. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa tano 2025 na barua yake ilisema hivi:

"Natumai u mzima. Naomba unilipe pesa zangu kama 95,000 hivi ambazo umekataa kulipa miezi na miezi na unajua ni jasho la mtu. Mambo ya utapeli si mazuri. Usiponilipa ndani ya siku saba nitakuchukulia hatua kali na polisi watakujia. Ukijaaliwa nilipe kabla ya tarehe 1."

Chini yake akaweka hesabu, na jumla ya ile hesabu ni 92,450. Sasa twende.

Hatua ya 1: Ichape kwenye karatasi

Usisahihishe kwenye simu. Chapa, chukua kalamu nyekundu na rula, soma mstari kwa mstari.

Hatua ya 2: Pesa

Usianze na barua, anza na karatasi. Toa invoisi zote, delivari noti zilizosainiwa, na stetimenti ya M-Pesa yenyewe (ipo kwa *334# au kwenye app, inakuja PDF). Skrinshoti za meseji mimi sizitaki, kwa sababu mtu huwa na zile anazozikumbuka tu, lakini stetimenti inakuonyesha hata ile malipo uliyoisahau. Alafu jenga hesabu upya kama vile hujawahi kuiona ile ya kwenye barua:

Invoisi ya 3 Machi 2025: 68,400
Invoisi ya 17 Machi 2025: 52,750
Invoisi ya 31 Machi 2025: 61,300
Jumla ya mzigo: 182,450
Alilipa 14 Aprili: 50,000
Alilipa 9 Mei: 40,000
Pweza waliorudishwa 18 Machi: 4,200
Salio: 88,250

Ushaona? Si 95,000 na si 92,450. Ile 92,450 ilitokea kwa sababu pweza waliorudishwa walikuwa kwenye daftari lakini hawakuwahi kutolewa kwenye hesabu. Na 95,000 ni ile 92,450 ikaongezwa kidogo "ya usumbufu". Hiyo ya usumbufu futa. Riba au faini ambayo hamkukubaliana tangu mwanzo huwezi kuitungia namba leo, unachoweza ni kuandika kwamba ikifika kesi utaiomba mahakama riba na gharama, halafu mahakama itaamua yenyewe. Mdaiwa akikuta shilingi 4,200 za pweza aliowarudisha, na karatasi ya kuwarudisha anayo, hatabishana juu ya pweza peke yake, atasema hesabu yako yote ni ya kubuni na mtarudi mwanzo.

Kitu kingine kilichojificha hapo: zile 40,000 za tarehe 9 Mei hazikutoka kwa namba ya mwenye restoranti, zilitoka kwa namba ya mfanyakazi wake. Kwenye stetimenti linaonekana jina lingine kabisa. Yule dada alikuwa anazijua, lakini ukimpa mtu mwingine akupigie hesabu anaweza kuziruka. Kwa hivyo kila malipo iandikie tarehe, kiasi na namba ya muamala ndani ya barua. Pia inakusaidia upande wa pili, kwa sababu deni la mkataba Kenya lina miaka 6 ya kudaiwa mahakamani, na malipo ya sehemu ni ushahidi kwamba mdaiwa mwenyewe alilitambua deni, na ile miaka inaanza kuhesabiwa upya kutoka hapo.

Namba ikishapatikana, iandike kwa tarakimu na kwa maneno: Sh 88,250 (shilingi elfu themanini na nane, mia mbili na hamsini). Alafu pita barua nzima na kalamu uzungushie duara kila mahali palipo na pesa. Zote zikubaliane. "Kama", "hivi", "takriban", "karibu", toa zote. Kwenye cheki sheria inasema maneno yakipingana na tarakimu, maneno ndiyo yanayoshinda, lakini kwenye barua ya madai hakuna kinga kama hiyo, zikipingana unaonekana tu hujui unadai ngapi.

Hatua ya 3: Lugha

Soma barua ukijifanya wewe ni hakimu humjui yeyote kati yao. Barua ya madai huambatanishwa kesi ikifunguliwa, kwa hivyo hakimu ataisoma kweli.

Kila neno linalomhukumu mtu tabia yake linatoka. "Utapeli" linatoka, "umekataa kulipa" linakuwa "hujalipa", "jasho la mtu" linatoka. Sisemi hivyo kwa kumhurumia mdaiwa, ni kwa sababu "hujalipa salio la invoisi tatu" ni kitu unachoweza kukithibitisha na karatasi, lakini utapeli utaulizwa uuthibitishe na huwezi. Na polisi pia watoke. Deni la samaki ni madai ya kawaida, si jinai, na kumtishia mtu polisi ili alipe kunaweza kukugeukia wewe. Vilevile usiweke nakala kwa mkewe, imamu, padri au grupu la WhatsApp la mtaa.

Upande wa pili ambao watu wa Pwani tunaukosea zaidi ni upole uliopitiliza. Salamu mwanzoni ni sawa kabisa, hata "Assalam aleikum" weka, adabu haijamharibia mtu barua. Lakini ndani ya sentensi ya madai "naomba unisaidie", "ukipata nafasi" na "ukijaaliwa" zinageuza deni kuwa ombi, na ombi mtu anaweza kulijibu sijajaaliwa bado. Andika "nadai" na "ulipe". Ile sentensi ikawa: "Nadai salio la Sh 88,250 la samaki niliokuletea mwezi Machi 2025 kama inavyoonyeshwa kwenye hesabu hapa chini." Basi.

Na kama umetoa mfano wa barua mtandaoni, angalia juu kama kuna ile lebo ya mawakili ya "without prejudice". Ifute. Hiyo ni ya barua za kutafuta suluhu ambazo hutaki zisomwe mahakamani, na hii wewe unataka isomwe.

Hatua ya 4: Tarehe ya mwisho

Hapa usiharakishe. Barua nyingi ninazoziona zimeharibika hapa kuliko penye pesa.

Rudi kwenye barua ya mfano. Ina dedlaini mbili. "Ndani ya siku saba" na "kabla ya tarehe 1". Barua ilikuwa itolewe Jumanne tarehe 27 Mei, siku saba zinaishia 3 Juni, na kabla ya tarehe 1 ni 31 Mei. Mdaiwa atachagua ile ya mbele, na wewe ukifungua kesi mapema atasema alikuwa bado ndani ya muda aliopewa.

Hata "siku saba" ikiwa peke yake ni tatizo. Saba kuanzia lini? Tarehe iliyo juu ya barua, siku aliyoipokea, au siku aliyoifungua? Sheria za Kenya zinapohesabu siku haziihesabu ile siku ya tukio lenyewe, na siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu inasogea mbele. Lakini barua yako si sheria, na mdaiwa anaweza kuhesabu siku za kazi tu akaruka na Jumamosi, mkaanza kubishana kalenda badala ya pesa. Kwa hivyo msimamo wangu ni huu na siubadilishi: usiandike idadi ya siku, andika siku ya wiki, tarehe, mwezi, mwaka na saa.

Kabla hujaichagua hiyo tarehe fungua kalenda. Tarehe 1 Juni 2025 ilikuwa Jumapili, na ni Madaraka, kwa hivyo Jumatatu tarehe 2 nayo ikawa sikukuu. Wiki hiyohiyo kuna Idi ya kuchinja. Ukimpa mtu wa restoranti dedlaini katikati ya hapo unampa sababu ya bure, benki zilifungwa, mhasibu alisafiri, na sababu zenyewe zitakuwa za kweli. Tulienda wiki mbili mbele, Jumanne tarehe 10 Juni. Kwa deni la kiasi hiki wiki mbili ni muda ambao hakuna hakimu atakayesema ulimbana mtu.

Maneno sasa. "Kabla ya tarehe 10" maana yake tarehe 10 yenyewe haimo, pesa zinatakiwa tarehe 9, na wengi wanaoandika hivyo hawakukusudia. "Kufikia tarehe 10" wengine wanaihesabu 10, wengine hawaihesabu. "Wiki ijayo", "mwisho wa mwezi" na "haraka iwezekanavyo" usiziguse kabisa. Tumia "si zaidi ya". Na saa, hapa Mombasa ukiandika "saa 10:00" mmoja anasoma alasiri na mwingine, hasa mhasibu anayefanya kazi kwa Kiingereza, anasoma asubuhi. Andika kwa maneno na ongeza saa ya simu.

Halafu useme ni kitendo gani kinatakiwa kiwe kimetimia. "Ulipe" peke yake haitoshi, mtu ataandika cheki saa tisa siku ya mwisho akasema ameshalipa, na cheki bado haijapita benki. Sema pesa ziwe zimeingia, na ziingie wapi. Na sema mapema malipo ya nusu yatachukuliwaje, la sivyo atakutumia 20,000 tarehe 9 na utabaki hujui kama umempa muda mpya.

Yote hayo yakikaa pamoja ikawa hivi:

"Sh 88,250 zote ziwe zimeingia kwenye namba yangu ya M-Pesa iliyoandikwa hapa chini si zaidi ya Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa kumi jioni (16:00). Malipo ya sehemu nitayapokea kupunguza deni, lakini tarehe ya kulipa salio haitabadilika isipokuwa nikukubalie kwa maandishi."

Mwisho hakikisha tarehe hiyo imetajwa vilevile kila mahali, mpaka kwenye kichwa cha barua ukiiweka huko. Na siku ya wiki ilingane na tarehe, uiangalie kwenye kalenda, usiikisie.

Hatua ya 5: Kitakachofuata

"Hatua kali" haina maana. Taja kitu kimoja ambacho uko tayari kukifanya kweli: "Zisipoingia, nitafungua madai katika Mahakama ya Madai Madogo na kuomba riba na gharama." Mahakama hiyo inapokea madai yasiyozidi milioni moja, kwa hivyo 88,250 inaingia bila wasiwasi. Na ukishaandika hivyo usifungue tarehe 9.

Hatua ya 6: Kupeleka

Chapa nakala mbili. Moja mdaiwa anabaki nayo, nyingine unabaki nayo wewe na apokeaye aisaini, aandike jina lake na tarehe, na mhuri wa restoranti kama upo. PDF ileile tuma WhatsApp siku hiyohiyo. Akikataa kusaini usibishane naye mlangoni, andika nyuma ya nakala yako nani alikataa, saa ngapi, na nani alikuwa nawe, kisha uipige picha.