Dola zako za siku 90: uzifungie bei leo au ungoje?

Tuchukue mwuzaji wa chai Mombasa, mwishoni mwa Januari 2024. Amepeleka Karachi shehena ya dola 100,000, na mnunuzi atalipa baada ya siku 90. Gharama zake zote ni za shilingi. Siku hiyo dola moja ni kama shilingi 160, na wengi sokoni wanaamini itazidi kupanda.

Hatua ya 1: Omba bei ya fowadi. Huu ni mkataba wa kuiuzia benki dola siku ya malipo kwa bei mnayokubaliana leo. Bei hiyo si utabiri, hutokana na tofauti ya riba. Tuseme riba ya shilingi ni asilimia 16 na ya dola asilimia 5.3:

```
160 × (1 + 0.16×90/365) / (1 + 0.053×90/360) = 164.1
```

Benki itakata faida yake. Tuseme inakupa 163. Uliza benki mbili au tatu, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea kimyakimya.

Hatua ya 2: Linganisha na 163, si na 160. Wengi hukosea hapa. Kungoja kutakulipa tu ikiwa siku ya 90 dola itakuwa juu ya 163. Hata ikibaki 160 palepale, aliyengoja amekosa shilingi 300,000.

Hatua ya 3: Pima pande zote mbili. Dola ikifika 172, aliyengoja anapata milioni 17.2 na aliyefunga milioni 16.3. Lakini Februari ile Kenya ilipata fedha za kukomboa sehemu ya hatifungani yake ya dola iliyokuwa ikidaiwa Juni, na shilingi ikaimarika ghafla. Kufikia Aprili dola ilikuwa kati ya 130 na 135. Kwa 134, aliyengoja alipata milioni 13.4, pungufu ya milioni 2.9. Jiulize kama faida ya shehena ile ingeweza kubeba pengo hilo. Kama haingeweza, funga.

Hatua ya 4: Mpime mnunuzi kabla ya kufunga. Fowadi inakudai dola hata kama Karachi hawajalipa. Mnunuzi akichelewa na dola iko 172, utazinunua kwa milioni 17.2 na kulipwa 16.3, au uiombe benki isogeze tarehe kwa gharama. Kwa mteja ambaye huchelewa, mimi hufunga nusu hadi robo tatu ya ankara, na huomba mkataba wenye dirisha, yaani wa kupeleka dola siku yoyote ndani ya kipindi fulani, tuseme kati ya siku ya 85 na ya 105, ingawa bei yake huwa duni kidogo.

Hatua ya 5: Soma hati ya uthibitisho siku hiyohiyo. Angalia kiasi, bei, tarehe, na kwamba imeandikwa wewe *unauza* dola. Uliza pia kama benki itashikilia amana au itapunguza ukomo wako wa mkopo, kwa sababu fedha hizo huenda unazihitaji kununulia chai ya mnada ujao.