Somo: kengele, miguu na kaganu zinavyofungana kwenye Agbadza

Wadau leo tunachukua Agbadza, ngoma ya Waewe wa Ghana na Togo. Mzunguko wake una hesabu 12 zinazolingana, ukifika 12 unarudi 1 bila kusimama.

1. Anza na miguu. Hesabu 1 mpaka 12 kwa sauti, kanyaga kwenye 1, 4, 7 na 10 tu. Usiende hatua ya pili mpaka mguu ujiendee wenyewe.

2. Weka kengele, wao wanaiita gankogui. Kama huna, gonga chupa:

1 – 3 – 5 6 – 8 – 10 – 12

Hapa ndo penye utamu na ndo wengi wanapotea, kengele inakutana na mguu kwenye 1 na 10 basi, ile 4 na 7 mguu unashuka kengele ikiwa kimya. Kwahiyo ukiona kila kanyagio lina mlio wa kengele, ujue ushaivuta kengele ifuate mguu na groove imekufa.

3. Mtu wa pili ashike kaganu, kile kingoma chembamba chenye sauti kali, kinapigwa kwa fimbo. Kazi yake ni kuacha mguu upite alafu anapiga mbili: 2 na 3, 5 na 6, 8 na 9, 11 na 12. Ni hivyo tu mwanzo mwisho, ukimsikiliza peke yake utasema huyu kachoka.

Sasa angalia, kengele iko kimya kwenye 2, 4, 7, 9 na 11. Kaganu anajaza 2, 9 na 11, miguu inajaza 4 na 7, hamna hesabu inayobaki tupu japo hamna anayepiga zote.

MASWALI

Swali: Mkuu mi kaganu inanihama, baada ya muda najikuta napiga pamoja na mguu. Najuaje mapema?

Jibu: Sikiliza 5 na 6 za kengele, ndo pekee katikati ya mzunguko inapogonga mbili zilizofuatana. Fimbo zako mbili lazima ziangukie hapo hapo. Ukisikia ya 6 ya kengele imebaki yenyewe, umewahi kwa hesabu moja, nyamaza mzunguko mzima uingie upya, usijaribu kujivuta ukiwa unapiga utawaharibia wenzio.

Swali: Kwani kengele haiwezi kupamba kidogo? Inachosha hiyo

Jibu: Hapana dada, kwenye Agbadza wote wanajipima kwa kengele. Mwenye uhuru ni sogo, ngoma kubwa inayoongoza, na kidi inamjibu. Hao nao wanasikiliza kengele kujua waingilie wapi.