Umelipa zaidi ndani ya programu kuliko kwenye tovuti? Fanya hivi

Juzi mama mmoja mwenye nyumba ya wageni hapa Langoni, Lamu, aliniletea simu yake ya Android. Analipia programu ya kuhariri picha za vyumba, shilingi 1,000 kwa mwezi. Mwanawe analipia ileile kwenye tovuti, shilingi 700. "Mwanangu, nimeibiwa?"

Hakuibiwa. Ukinunua ndani ya programu, anayepokea fedha ni duka la programu. Ndilo linalokata kadi au M-Pesa, kisha linaipa programu uthibitisho kwamba umelipa, nayo inakufungulia huduma. Mwenye programu hupata kinachobaki baada ya ada ya duka, ambayo kwa miaka mingi imekuwa asilimia 15 au 30. Anayetaka kubaki na 700 baada ya kukatwa asilimia 30 hawezi kuuza 910, maana duka litachukua 273 na kumwachia 637. Lazima auze 1,000. Kwenye tovuti hulipa ada ndogo tu ya kupitisha malipo. Wapo wanaoibeba ada ya duka wenyewe, na kwao bei ni moja kote. Nauli ya boti ya kwenda Manda haiguswi na ada hii, kwa sababu si bidhaa ya kidijitali.

Hatua ya 1. Jua nani alikukata. Fungua risiti kwenye barua pepe. Namba ya oda ikianza na `GPA.`, ulilipa kupitia Google Play. Kwa iPhone, taarifa ya benki huonyesha `APPLE.COM/BILL`.

Hatua ya 2. Linganisha kitu kimoja. Tazama kama bei zote mbili ni za mwezi au moja ni ya mwaka iliyogawanywa kwa 12, na kama kodi imeshajumlishwa. Tovuti ikitoza kwa dola, ongeza makato ya benki ya kubadilisha fedha. Mara nyingine nafuu yote huishia hapo.

Hatua ya 3. Sitisha palepale ulipolipia. Kwenye Play Store gusa picha yako, `Payments & subscriptions`, kisha `Subscriptions`. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo, na hapa ndipo wengi hukatwa mara mbili: dukani na kwenye tovuti.

Hatua ya 4. Ngoja siku ulizolipia ziishe, ndipo ujiunge kwenye tovuti kwa barua pepe ileile unayoingilia kwenye programu. Ukitumia nyingine, utafungua akaunti tupu.

Mama tulimsitishia siku hiyohiyo. Huduma yake inaendelea hadi tarehe 18, na jioni yake mwanawe atamlipia kwenye tovuti. Ila nimemwonya: kuanzia hapo, akitaka kurudishiwa fedha, duka halitamsikiliza. Atamwandikia mwenye programu mwenyewe.