Kuandika skripti ya video ya vijana: Danieli 1 kwenye kilabu cha ulanzi

Vijana wa kwaya hapa Iringa waliniomba niwasaidie skripti ya video ya dakika nne kuhusu kukataa shinikizo la marafiki. Walishachagua Danieli 1, na njia tuliyopita ni hii.

Hatua ya 1: Toa matendo kwenye maandiko

Soma mstari wa 3 hadi wa 16, uandike nani anafanya nini. Danieli anaamua moyoni, kabla ya kusema na yeyote, kwamba hatajitia unajisi kwa chakula na divai ya mfalme. Anamwomba mkuu wa matowashi, ambaye anampenda lakini anamwogopa mfalme. Kisha Danieli anamwendea msimamizi aliye chini ya mkuu huyo na kumpa jaribio: siku kumi za mboga na maji, kisha nyuso zao zilinganishwe na za wenzao. Angalia pia asichokigombania. Anapewa jina la Belteshaza, anafundishwa elimu ya Wakaldayo, na hatusomi kwamba alizusha ugomvi kwa hayo. Kwa hiyo kijana wako asiikimbie timu nzima. Aendelee kukaa nao na kutaniana nao, akatae kitu kimoja tu.

Hatua ya 2: Tafuta kishawishi cha hapa hapa

Achana na wiski na klabu zenye taa za rangi. Huku msimu wa mvua kuna ulanzi, pombe ya mianzi, na ule mbichi, mtogwa, ni mtamu, kwa hiyo mshawishi ana hoja ya kweli mdomoni. Sisi tuliweka timu ya mpira ya mtaani: mazoezi yakiisha, wote wanapitia kilabuni. Festo, kidato cha tatu, hataki.

Hatua ya 3: Mazungumzo

Hapa ndipo skripti nyingi hufia. Rasimu ya kwanza ya vijana ilikuwa hivi:

KELVIN: Festo, njoo unywe pombe pamoja nasi!
FESTO: Hapana. Mwili wangu ni hekalu la Roho Mtakatifu.

Hakuna kijana anayeshawishi hivyo, na Festo amegeuka mhubiri. Mshawishi wa kweli hatamki neno pombe. Anakipunguza kitu, anakuonyesha upendo, kisha anakuacha uone aibu peke yako. Mwandikie Kelvin kama rafiki mwema, maana akiwa shetani mtazamaji hatamwona rafiki yake mwenyewe ndani yake.

Mimi huwa sianzi kwa kuandika. Nawapa vijana wawili hali, warekodi sauti kwenye simu wakibishana wenyewe, kisha nasikiliza na kunakili. Kwenye kompyuta kila mtu anaanza kuongea kama taarifa ya habari. Tulipata hii:

KELVIN: Oya Festo, kaa basi. Leo umecheza, mwanangu.
FESTO: Niko poa, nipe maji.
KELVIN: Maji? Hii mtogwa tu, imeshuka leo asubuhi. Hata bibi yangu anakunywa.
FESTO: Mpe bibi salamu. Mimi maji.
(Wote wanacheka. Kelvin hacheki.)
KELVIN: Kwa hiyo sisi ndio wabaya?

Swali hilo la mwisho ndilo shinikizo lenyewe. Usimpe Festo jibu zuri. Mwache anyamaze, aangalie kikombe cha plastiki alichowekewa.

Onyesho linalofuata anamfuata kapteni, naye anasema, "Dogo, nakuelewa, ila nikikutetea watanigeuka mimi." Huyo ndiye mkuu wa matowashi. Wengi huliruka onyesho hili, halafu ushindi unakuja bure. Kisha Festo anakwenda kwa kijana anayepanga mazoezi:

FESTO: Kaka, mechi si siku kumi zijazo? Mimi na hawa watatu hatutagusa kikombe. Tukikimbia vibaya, tuweke benchi.

Pendekezo liwe na muda na kipimo kinachoonekana, kama la Danieli. Na wenzake watatu lazima wawepo, maana Hanania, Mishaeli na Azaria walikuwepo. Usiandike ushindi wa mabao matano. Msimamizi aliona nyuso tu, akawaacha waendelee. Kwetu, dakika za mwisho wanne bado wanakimbia, na mpanga mazoezi anaandika majina yao tena.

Ukimaliza, funika majina ya wahusika na usome kwa sauti. Usipojua nani anaongea, au pumzi ikikata katikati ya sentensi, andika upya. Mstari wa Biblia usitoke mdomoni mwa mhusika yeyote. Weka "Danieli 1:8" kwenye skrini mwanzoni.

Hatua ya 4: Pima muda

Soma yote kwa saa ya simu, ukiacha nafasi za kimya.

Hatua ya 5: Kurekodi

Kwenye kikombe weka maji yenye maziwa kidogo; usiwape waigizaji ulanzi wenyewe. Mkirekodi msimu wa mvua, andika maonyesho ya kilabuni yafanyike nje, chini ya mti, kwa sababu mvua ikipiga bati hakuna maikrofoni ya simu itakayoliokoa swali la Kelvin.