Masikio mazima ila maneno hayaingii: jinsi ya kumkagua mgonjwa aliyepata kiharusi

Nafanya kazi ya kupima usikivu, na malalamiko haya nayasikia sana: mgonjwa katoka hospitali baada ya stroki, mlango ukigongwa anageuka, simu ikilia anajua ni simu, ila ukimwongelesha anakwambia "nasikia sauti lakini sielewi unasema nini, kama unaongea lugha nyingine". Ndugu wanadhani anapuuza au akili imevurugika. Mara nyingi shida iko kwenye ubongo, sehemu ya juu ya eneo la ubongo lililo pembeni karibu na sikio, upande wa kushoto au pande zote mbili, ndo panapochambua sauti za maneno.

Anza na sikio lenyewe. Mkague kama ana nta, afu apimwe odiogramu. Kama anasikia milio kwenye desibeli 25 au chini ya hapo basi masikio hayana kesi kubwa. Usiishie hapo ukamwambia "uko sawa", maana odiogramu inapima mlio mmoja mmoja kwenye chumba kimya, haipimi kuelewa maneno.

Hatua ya pili ndo ninayoitegemea kuliko zote, na haihitaji mashine. Andaa maneno 10 mepesi ya kila siku, uyatumie kwa njia tatu. Kwanza ficha mdomo kwa karatasi (isigusane na midomo, itaziba sauti), sema neno, yeye arudie. Pili toa karatasi, akuangalie usoni, useme polepole. Tatu mwandikie, asome kwa sauti. Badilisha mpangilio kila raundi asije akakariri.

Mfano, mama mmoja mwalimu, kiharusi upande wa kushoto, odiogramu safi kabisa. Mdomo ukiwa umefichwa alipata 3 kati ya 10, akiangalia uso na maneno yakienda taratibu akapata 7, kwa maandishi akapata yote 10. Anaongea vizuri, anaandika vizuri, na kengele na kikohozi anavitambua bila shida. Hiyo picha inakwambia lugha ipo, njia ya kuingilia kupitia sauti ndo imeharibika. Angekuwa anashindwa hata kuelewa maandishi, au anaongea maneno yasiyo na mpangilio, ningefikiria afasia kwanza, yaani lugha yenyewe kuharibika, japo hivi viwili vinaweza kuja pamoja na hapo kuvitenganisha ni kazi kweli.

Halafu angalia anakosea wapi. Yule mama "pata" alisikia "bata", "toa" akasikia "doa", "kamba" akasikia "gamba", ila irabu alizipata karibu zote. Sio bahati mbaya. Irabu inadumu, ubongo una muda wa kuishika, lakini tofauti ya pa na ba inapita ndani ya makumi machache ya milisekunde, na ubongo ulioumia hauwahi kuinasa. Ndo maana kupaza sauti hakusaidii, unampa kitu kilekile kikubwa zaidi na bado kinapita haraka vilevile. Kwa sababu hiyohiyo kifaa cha kusikia peke yake hakimsaidii mtu ambaye odiogramu yake ni nzima.

Kuna wengine, hasa walioumia kichwa kwenye ajali, chumba kimya wanafaulu kila kitu afu wakikaa na watu watatu wanaoongea wanapotea. Hao warudie maneno huku redio inaongea pembeni. Kliniki tunaweka hedifoni, tarakimu tofauti kila sikio kwa wakati mmoja: sikio moja moja anapata zote, yakichanganywa sikio la upande wa pili wa jeraha linaanguka.

Nyumbani sasa. Zima redio na tivii kabla ya kuongea, kaa mbele yake mwanga ukikupiga usoni, mwite jina kwanza, sentensi fupi, halafu nyamaza kidogo kabla ya nyingine. Asipoelewa usirudie neno lilelile mara nne, sema kwa maneno mengine, au andika neno moja tu la mada, mfano "dawa", utashangaa sentensi nzima inavyofunguka. Penye kelele kuna mikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo ya msemaji, karibu na mdomo, inapeleka sauti moja kwa moja kwenye masikio ya mgonjwa, na waliopata stroki wanaosumbuliwa na kelele wengi inawafaa.

Rudia maneno 10 kila baada ya wiki chache, muda uleule asubuhi akiwa hajachoka, maana uchovu unashusha alama kabisa. Ila kama kuelewa kumeporomoka ghafla ndani ya saa au siku, au kaacha kusikia kabisa, achana na karatasi, mkimbize hospitali saa hiyohiyo, inaweza kuwa kiharusi kingine.