Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Zamu ya Kukagua Maoni

Mkaguzi wa maoni ya mtandaoni anayeingia kazini Kijitonyama, Dar es Salaam, siku moja baada ya Simba na Yanga kukutana anajua mapema foleni yake imejaa nini: mamia ya jumbe zinazofanana, nyingi zikiwa kejeli za Utopolo na Makolo, chache zikiwa matusi, na mbili tatu zikiwa vitisho vya kweli vinavyopaswa kuondolewa mara moja. Ukizichukua moja moja, karibu zote zinaamulika bila shida. Ugumu ni kuhakikisha kwamba ujumbe uliopita saa mbili asubuhi ungepita pia saa tisa alasiri, na maandalizi yanayoelezwa hapa yanahusu jambo hilo tu.

Jambo la kwanza ni kuandika mpaka kati ya ujumbe wa kuondoa na wa kuacha, kwa maneno yanayoweza kujibiwa ndiyo au hapana. Kanuni inayosema “ondoa jumbe zenye vitisho” haitoshi, kwa sababu kila mkaguzi ataijaza kwa hisia za siku hiyo, na hisia ndizo zinazobadilika. Afadhali kujiuliza maswali matatu: Je, anayelengwa ni mtu anayetambulika, au ni mashabiki wote wa timu? Je, limetajwa tendo la kumdhuru mwilini? Je, kuna jambo linaloonyesha kwamba mwandishi anaweza kumfikia, kama vile mtaa, sehemu ya kazi au saa anayorudi nyumbani? Tuseme tumekubaliana kwamba majibu mawili ya ndiyo yanatosha kuuondoa ujumbe. “Jumamosi tunawachinja, andaeni sanda” una tendo, lakini wanaolengwa ni timu nzima na hakuna dalili ya kuwafikia, kwa hiyo unabaki. Kila mkazi wa mji huu anajua kwamba watani wa jadi huzikana kwa maneno kila msimu. “Wewe wa duka la simu pale Mbagala, vaa tena hiyo jezi uone” hauna neno hata moja kali, wala haukutaja tendo waziwazi, lakini umemlenga mtu mmoja na umetaja anapopatikana, kwa hiyo unaondoka. Mkaguzi aliyechoka hukosea hapo hasa: macho yake hukimbilia neno “tunawachinja” na kuuruka ujumbe wa Mbagala.

Mifano ya aina hiyo, iliyo karibu kabisa na mpaka kwa pande zote mbili, iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mahali inapoonekana muda wote. Mifano ya wazi haisaidii kitu.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, ni kujilinda dhidi ya mpaka unaohama wenyewe. Mwaka 2018 David Levari na wenzake walichapisha katika jarida la Science majaribio ambamo watu waliamua kama nukta ni ya buluu au ya zambarau. Nukta za buluu zilipopunguzwa kidogo kidogo, washiriki walianza kuziita buluu nukta ambazo mwanzoni waliziita za zambarau. Walioambiwa mapema kwamba za buluu zitapungua walifanya vilevile. Matokeo ya namna hiyo yalionekana pia pale washiriki walipotakiwa kutambua nyuso zenye kutisha. Kwa mkaguzi wetu maana yake ni kwamba asubuhi, hasira za mechi zikiwa bado moto na vitisho vikiwa vingi, “nyie mbwa” hupita bila kutazamwa mara mbili. Alasiri, vitisho vikishapungua, “nyie mbwa” hiyohiyo huanza kuonekana kama tishio. Kanuni haijabadilika, na mkaguzi mwenyewe anaamini kwa dhati kwamba anaifuata.

Kwa kuwa onyo peke yake halizuii jambo hili, kinachohitajika ni vipimio. Kabla ya zamu, chagueni jumbe ishirini zilizokwisha kuamuliwa na watu wawili au watatu waliokaa pamoja, ziwe za karibu na mpaka, kisha mtu mwingine azichanganye katika foleni bila alama yoyote, kumi zikija mapema na kumi zikija mwishoni. Mwisho wa zamu majibu yalinganishwe na uamuzi wa awali. Hapa watu wengi huhesabu makosa na kuishia hapo, ilhali kinachopaswa kutazamwa ni upande yalikoelekea. Mkaguzi aliyekosea vipimio vinne vya alasiri, viwili kwa ukali na viwili kwa ulegevu, yawezekana amechoka tu. Aliyekosea vinne vyote kwa ukali ameusogeza mpaka, na hata akipumzika, asiporudishwa kwenye mifano ya karatasini ataendelea na ukali uleule.

Kiwango cha jumla cha kukubaliana kisimdanganye msimamizi. Ikiwa jumbe 95 kati ya 100 hazina tatizo, mtu anayebonyeza “acha” kwa kila ujumbe huku akichati na rafiki yake atapata asilimia 95. Kwa hiyo jumbe zilizoondolewa zihesabiwe peke yake, na zile zilizopaswa kuondolewa zikaachwa zihesabiwe peke yake.

Kuhusu mpangilio wa foleni, omba jumbe zichanganywe. Mfumo unaokusanya jumbe zinazofanana pamoja huharakisha kazi, lakini baada ya kupitisha kejeli arobaini mfululizo, kidole huwa kimeshaamua kabla macho hayajamaliza kusoma ya arobaini na moja.

Kuhusu muda, mtafiti Norman Mackworth alionyesha nchini Uingereza mwaka 1948 kwamba watu waliowekwa kuangalia mshale wa saa unaoruka, wakingoja mruko mrefu unaotokea mara chache, walianza kuikosa zaidi miruko hiyo ndani ya nusu saa ya kwanza. Kukagua maoni si kutazama mshale, lakini sehemu ya kungoja jambo adimu ni ileile. Panga mapumziko mafupi kabla ya kuanza, wala usisubiri kuyahisi, na uinuke kweli kwenye kiti, maana mapumziko ya kusoma maoni mengine kwenye simu ni kazi ileile isiyo na malipo. Kila nusu saa andika pia idadi ya jumbe ulizomaliza. Idadi ikipanda ghafla ilhali jumbe ni za aina ileile, huenda umeacha kusoma hadi mwisho.

Lazima pawepo pia pa kuweka jumbe zenye shaka, ili mtu asilazimike kuamua kwa kuchoka. Sehemu hiyo iwekewe kikomo, kwa sababu isiyo na kikomo hugeuka kuwa jalala la kila kinachohitaji kufikiri. Kila ujumbe unaowekwa humo uambatane na swali lililoshindikana kati ya yale matatu. Shaka nyingi zikiangukia swali moja, tuseme lile la mtu anayetambulika, kilicho na kasoro ni maandishi ya kanuni, na anayepaswa kuyarekebisha ni msimamizi.

Mwisho, amueni kabla ya zamu kitakachofanyika vipimio vikionyesha kwamba mpaka umehama. Utaratibu unaofaa ni kurudi hadi kipimio cha mwisho kilichojibiwa sawasawa, kisha kupitia upya jumbe zilizofuata, kuanzia ya karibuni kwenda nyuma, na ikiwezekana zipitiwe na mtu mwingine asiyeoneshwa uamuzi wa kwanza. Akiuona, mara nyingi ataukubali. Muda wa kazi hiyo utengwe ndani ya zamu yenyewe, kwa sababu saa kumi na moja jioni, kila mtu akiwahi mwendokasi, hakuna atakayebaki kuifanya.