Kusomea CPA ukiwa na mtoto mchanga: tulivyopanga mimi na wifi yangu

Wifi yangu wa hapa Malindi alijiandikisha kwa mtihani wa uhasibu wa KASNEB wa Aprili. Baadaye kliniki wakamwambia tarehe yake ya kujifungua ni 24 Februari. Akaniletea ratiba aliyoipaka rangi: saa mbili hadi saa nne asubuhi hesabu, saa kumi jioni sheria, kila siku vivyo hivyo. Nikamwambia, "Wifi, hii ni ratiba ya mtu ambaye mtoto wake yuko shule." Tuliiweka kando, tukafanya haya.

Hatua ya 1: Andika tarehe zisizokungoja

Chukua karatasi moja, si simu. Kalenda ya simu huwezi kuibandika juu ya kitanda.

Andika siku za kliniki. Mwezi wa mwisho zinakaribiana, na siku ya kliniki ihesabu imekwenda yote. Ukipata la kusoma kwenye foleni, hiyo ni faida. Andika arobaini inaisha lini. Andika chanjo ya wiki ya 6, kwa sababu watoto wengi huchemka na kulialia siku hiyo na ya pili yake. Akizaliwa tarehe aliyopewa, chanjo hiyo ingeangukia mapema Aprili, wiki chache tu kabla ya mtihani, kwa hivyo siku mbili hizo tuliziacha tupu kabisa.

Tarehe ya kujifungua yenyewe usiiamini. Mtoto wa wiki 37 ameshatimia, na wengine hukaa hadi wiki ya 41. Kazi nzito tuliipa mwisho wake tarehe 3 Februari, siku wiki ya 37 inapotimia.

Hatua ya 2: Kazi ya kukaa mezani ifanye kabla

Maswali marefu, mada mpya kabisa, chochote kinachotaka saa nzima bila kuamka: vyote kabla ya tarehe hiyo. Baada ya uzazi unarudia ulichokwisha kuelewa, hujifunzi kipya.

Januari Malindi ni kaskazi, joto ni jingi, na miguu hujaa maji. Alisoma baada ya sala ya alfajiri, miguu juu ya stuli, akasimama na kutembea kila baada ya swali moja. Mchana alilala kwa ubavu.

Kuna jambo moja nisilolifanyia mzaha. Kichwa kikiuma sana, macho yakaona ukungu au vimulimuli, uso na mikono ikavimba, usiseme ni kitabu. Hizo ni dalili za presha ya mimba, na zinaweza kuja hata wiki za mwanzo baada ya kujifungua. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukiona damu, au mtoto amepunguza kucheza.

Hatua ya 3: Jirekodi sauti

Rekodi muhtasari wako kwa sauti yako, faili moja kwa mada moja, dakika tano au sita, si zaidi. Uliza swali, nyamaza kidogo, kisha jibu. Sheria ya biashara inafaa sana kwa njia hii, hesabu haifai. Sikiliza kwa sikio moja, la pili mwachie mtoto.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, kwa hivyo nafasi za kusikiliza zipo tele. Lakini ukisinzia huku umekaa kwenye kochi na mtoto kifuani, zima simu, mpe mtu mtoto au mlaze chali mahali pake. Kupitiwa na usingizi kwenye kochi na mtoto mikononi ni hatari kubwa kwake.

Hatua ya 4: Kata vipande, na ujiachie ujumbe

Hapa ndipo muda wote ulipokuwa ukipotea. Mtoto mchanga hulala saa nyingi, lakini kwa vipindi vya saa mbili au tatu, na hujui vitaanza lini. Katika kipindi kama hicho mama anaoga, anakula, anakandwa na analala. Kwa kusoma hubaki dakika ishirini, na wifi alikuwa akizimaliza zote akitafuta alipoishia. Swali la usuluhishi wa benki, lile la kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, alilianza mwanzo kila alipokaa.

Tukakata kila swali vipande vinavyoweza kuisha kwa dakika kumi na tano, kila kipande kwenye kadi yake. Kadi tukazigawa mafungu mawili: za kichwa kizima (hesabu) na za kichwa kilichochoka (kusoma majibu, kukumbuka masharti, kupanga tarakimu). Ukikaa, usiulize saa ngapi, uliza kichwa kikoje. Ukisoma mstari mmoja mara ya pili na bado hujui umesoma nini, chukua fungu la pili. Ukishindwa hata hilo, lala. Hesabu ya mtu aliyechoka utaifanya tena kesho, kisha utumie muda mwingine kutafuta kosa.

Na kabla hujainuka, hata mtoto akilia, andika mistari mitatu kwa penseli nyuma ya kadi: nimefika wapi, kinachofuata ni kipi, jibu nategemea liwe nini. Mtoto aliyeshiba na asiyeumwa atasubiri sekunde thelathini. Ya kwake moja ilikuwa hivi. Daftari la fedha lilionyesha 84,000. Akaongeza 15,000 mteja alizolipa moja kwa moja benki, akatoa ada ya benki 1,200. Mtoto akaamka. Nyuma ya kadi akaandika:

"Daftari limekuwa 97,800. Sasa anza na taarifa ya benki 101,300: ongeza 9,500 benki haijaziingiza, toa hundi 13,000 hazijafika benki. Lazima itoke 97,800."

Alirudi kwenye kadi ile usiku wa manane, akamaliza bila kufungua kitabu. Mstari wa tatu ndio wengi huuruka, na ndio unaokuambia kama kichwa kinafanya kazi: jibu likigoma kulingana, kagua mara moja tu, kisha iache hadi asubuhi.

Usiandike "endelea na swali la 3". Hiyo haikuambii kitu. Na usitumie programu za simu zinazohesabu dakika na kukupigia kengele. Zitamwamsha mtoto kabla hazijakuamsha wewe.

Hatua ya 5: Wageni

Arobaini ni wakati wa kupumzika na wakati wa wageni. Mgeni akija, ampakate mtoto. Wewe ingia chumbani na kadi moja, au ulale. Mama mkwe akinung'unika, mwache anung'unike.

Hatua ya 6: Saa tatu za mtihani

Pepa ni la saa tatu, na mama wa mtoto wa wiki nane hajakaa saa tatu mfululizo. Fanya jaribio moja kamili kwa pepa la mwaka wa nyuma, mtoto akiwa kwa mtu mwingine chumba cha pili. Si kwa ajili ya alama. Unataka kujua maziwa yatajaa saa ngapi na mtoto atavumilia hadi wapi.

Siku yenyewe nyonyesha mlangoni kabla ya kuingia, weka vitambaa ndani ya sidiria, na msaidizi akae karibu na kituo. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa nne kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25. Malindi mwezi wa Aprili chumba hicho hukipati bila kiyoyozi, kwa hivyo yabebe kwenye kasha lenye barafu, na yakipashwa moto yakabaki, yamwage.